Mita au Sekunde? Mtego wa Gari Linalofunga Breki

Gari la kilo 1,000 linakwenda kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde. Dereva anafunga breki, na gari linasimama baada ya kwenda mita 40. Je, wastani wa kani iliyolisimamisha ni nyutoni ngapi? (A) 500 (B) 5,000 (C) 10,000 (D) 200,000.

Swali hili likiwa mwishoni mwa sura ya nishati, halimsumbui mtu, kwa kuwa kichwa cha sura kimeshamwambia atumie kanuni gani. Likichanganywa na maswali ya sheria za Newton na ya uwezo, kichwa hicho hakipo tena, na mwanafunzi anabaki kubahatisha kanuni. Wengi huanza kukokotoa kabla ya kujiuliza jambo moja dogo: nimepewa mita au sekunde?

Kani ikisukuma kitu kwa umbali fulani, imefanya kazi, na kazi hiyo hubadili nishati ya kitu. Ikikisukuma kwa muda fulani, hubadili momenta yake, yaani tungamo mara kasi. Hapa tumepewa mita, kwa hiyo njia ni ya nishati. Nishati mwendo ni ½mv²: nusu ya 1,000 mara 400, ambayo ni jouli 200,000. Yote inatakiwa kuisha ndani ya mita 40. Gawanya, upate nyutoni 5,000. Jibu ni B.

Sasa tazama majibu matatu yaliyobaki, maana mtungaji hakuyaokota tu. A ni la aliyechukua momenta, 20,000, akaigawa kwa mita. C ni la aliyesahau ile nusu. D ndilo baya kuliko yote, kwa sababu anayelichagua hajakosea hesabu hata kidogo: amepata jouli 200,000, akaona namba yake imo kwenye orodha, akaizungushia duara na kuendelea na swali linalofuata. Dawa yake ni kuandika kizio kila hatua. Jouli si nyutoni. Ukiigawa kwa mita ndipo unapata nyutoni.

Tubadili neno moja: gari lisimame baada ya sekunde 4, mita zisitajwe kabisa. Njia inageuka. Momenta 20,000 gawanya kwa 4, jibu ni nyutoni 5,000 vilevile. Wala si bahati: kasi ikishuka kwa utaratibu kutoka 20 hadi sifuri, wastani wake ni 10, na kwa sekunde 4 gari huwa limekwenda mita 40. Ni tukio lilelile. Lakini aliyeng'ang'ania nishati akagawa jouli 200,000 kwa sekunde 4 anapata 50,000. Hiyo nayo ina maana yake: ni wati, yaani uwezo, kiwango ambacho mwendo unageuzwa kuwa joto kila sekunde. Lingekuwa jibu sahihi kama swali lingeuliza uwezo.

Kuna watungaji wanaoondoa namba kabisa: kasi ikiwa mara mbili na kani ya breki ikibaki ileile, gari litasimama baada ya umbali gani? Kwenye majibu utakuta "mara mbili" na "mara nne". Muda huwa mara mbili, sekunde 8, lakini umbali huwa mara nne, mita 160, kwa kuwa nishati hufuata kasi iliyozidishwa kwa yenyewe. Mwanafunzi anayechanganya haya mawili yuko pamoja na watu wakubwa. Mwaka 1686 Leibniz aliwashambulia wafuasi wa Descartes akidai kipimo halisi cha mwendo ni tungamo mara kasi mara kasi, si tungamo mara kasi, na wataalamu wa Ulaya walibishana kwa miongo kadhaa. Kumbe kila upande ulikuwa na kipimo chake cha kweli: mmoja wa umbali, mwingine wa muda.

Swali la sheria ya tatu halikupi mita wala sekunde, na hapo hesabu haisaidii. Lori la kilo 10,000 linagongana na bajaji ya kilo 500. Ni lipi limepigwa kwa kani kubwa zaidi? Macho yote huenda kwenye bajaji iliyobondeka. Jibu ni kwamba kani ni sawa, na zinaelekea pande zinazopingana. Zisikudanganye kwamba zinafutana, maana kila moja inakipiga chombo tofauti. Kinachotofautiana ni matokeo: kani ileile, kwa muda uleule, hubadili kasi ya bajaji mara 20 ya inavyobadili kasi ya lori, kwa kuwa tungamo lake ni moja ya ishirini. Kwa hiyo soma tena swali limeuliza nini. Likiuliza kani, sheria ya tatu imeshajibu. Likiuliza chombo kipi kimebadilika kasi zaidi, hapo ndipo sheria ya pili inapoingia, na jibu ni bajaji.