Rangi ya Nyota na Hari ya Uso Wake

Katika majira ya kaskazi, yapata katikati ya Januari, saa nne na nusu usiku, atazamaye juu kutoka ufukwe wa Shela, mbali na taa za mji wa Lamu, huliona kundi la Jabari limekaribia utosini, kwa kuwa Lamu haiko mbali na ikweta; na hapo, upande wa kaskazini wa zile nyota tatu za mkanda, huiona Ibuti la Jauza ikiwa na wekundu wa kaa, na upande wa kusini Rijili, nyeupe yenye kuelekea buluu. Wengi hudhani nyekundu ndiyo yenye moto mkali, nao wamekosea: chuma cha mhunzi huanza kwa wekundu, na kadiri mivukuto inavyozidi huwa cha manjano, kisha cheupe.

Wanafizikia huliita gimba jeusi kila gimba limezalo nuru yote iliangukiayo bila ya kurudisha hata kidogo, hata ikawa nuru itokayo kwake ni yake mwenyewe, yenye kutegemea hari yake tu, wala si asili ya maada yake. Nyota, ajabu kama ilivyo kusema hivyo juu ya kitu king'aacho, hukaribiana sana na gimba hilo, maana gesi yake huimeza nuru na kuitoa tena mara nyingi kabla ya kuiachia iende zake.

Mwaka 1893 Mjerumani Wilhelm Wien alibainisha kuwa hari ikizidi, wimbi lenye nguvu kupita mengine hufupika kwa kadiri iyo hiyo: gawanya 2,898,000 kwa hari ya kelvini, upate urefu wake kwa nanomita. Ibuti la Jauza, yenye kelvini kama 3,600, hutoa takriban 800, nje ya upeo wa jicho upande wa wekundu. Rijili, yenye kama 12,000, hutoa 240, nje ya upeo upande wa zambarau. Nasi twaona mabaki tu ya kila upande. Jua, kwa kelvini zake 5,772, huangukia 500, penye kijani, walakini halionekani kijani, kwani rangi nyingine zote huandamana nayo na jicho likazichanganya kuwa weupe. Na hii ndiyo sababu hatuoni nyota za kijani.

Kila kipande cha uso wa Rijili hutoa nguvu zaidi ya mara mia ya kipande sawa cha Ibuti la Jauza, ila hii ya pili hujilipa kwa ukubwa wake wa kupita kiasi.

Tahadhari moja: nyota ichomozayo juu ya kisiwa cha Manda huweza kuonekana nyekundu kwa sababu ya hewa nzito ya upeoni. Basi, msomaji, isubiri ipande. Wekundu ukisalia, ni wake, isipokuwa vumbi la angani liwe limeichuja njiani, jambo ambalo jicho pekee haliwezi kulibaini.