Kuiuliza "Una Uhakika?" Si Kuhakiki

Kwa wakulima wa pamba wa Bariadi na Maswa swali ni lilelile kila msimu: "Mtaalamu, akili mnemba ilinipa jibu, nikaiuliza kama ina uhakika, ikasema ndiyo. Si nimeshahakiki?" Hapana. Hujahakiki chochote.

ChatGPT na programu za aina yake hazina daftari la majibu sahihi zinalolifungua ukiuliza mara ya pili. Zimepitishwa kwenye maandishi mengi mno, zikashika neno lipi huelekea kufuata lipi. Jibu lake hutungwa kipande kwa kipande, na ukisema "una uhakika?" zinatunga tena, zikifuata mwelekeo wa swali lako. Jaribu mwenyewe. Iulize Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka gani. Ikijibu 2012, imepatia. Iambie kwa ukali kuwa imekosea. Usishangae ikiomba radhi na kukupa mwaka mwingine. Na hata ikishikilia msimamo, msimamo si ushahidi.

Chukua nafasi za kupandia pamba. Maandishi ya zamani yanataja sentimita 90 kwa 40. Bodi ya Pamba imekuwa ikihimiza 60 kwa 30. Programu iliyosoma yote mawili inaweza kukupa ya zamani kwa Kiswahili fasaha, bila kusita. Inaweza pia kuyachanganya: nafasi mpya, idadi ya mimea ya zamani. Hapo kalamu inatosha kuiumbua. Mita 0.6 mara 0.3 ni mita ya mraba 0.18 kwa kila shimo. Ekari ina mita za mraba kama 4,000. Ukigawanya, unapata mashimo 22,000 na ushee. Ukibakiza miche miwili kila shimo, mimea ni zaidi ya 44,000. Jibu linalosema 60 kwa 30, miche miwili kwa shimo, halafu mimea 22,000 kwa ekari, limejipinga lenyewe. Lakini hesabu hiyo haikuambii ni nafasi ipi inayopendekezwa kwa shamba lako. Hilo utalipata kwa afisa ugani, wala si kwenye simu hiyohiyo iliyokujibu mwanzo.

Basi itumie inapofaa: kuandika barua ya maombi kwa halmashauri, kufupisha waraka uliouweka wewe mwenyewe, kukueleza Kiingereza cha kwenye lebo. Kisukuma usikitegemee sana. Maandishi yake iliyoyasoma ni machache. Bei dira ya msimu usiichukue huko. Ikitaja waraka, utafute uufungue. Usipouona, achana na jibu hilo. Kipimo cha kiuatilifu kisome kwenye lebo ya chupa, na uangalie kama kimeandikwa kwa ekari au kwa hekta, kwa sababu hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu, na anayetumia kipimo cha hekta kwenye ekari anamwaga dawa zaidi ya mara mbili ya inayotakiwa. Kabla hujajaza bomba, mpigie afisa ugani wa kata yako.