Windows Inapokufungulia Profaili ya Muda

Mhasibu wa shule anafika ofisini asubuhi, anawasha kompyuta, anaandika nywila yake kama kawaida, na Windows inachukua muda mrefu kuliko siku zote. Inapofunguka, picha aliyoizoea haipo. Ile folda ya "Ada 2024" haionekani, folda ya Documents ni tupu, na kivinjari kinamkaribisha kana kwamba hakijawahi kutumika. Katikati ya kioo kuna ujumbe unaoanza na maneno "We can't sign in to your account". Katika Windows 7 ujumbe ulikuwa "You have been logged on with a temporary profile".

Wengi wakiona hivyo huamini kwamba kila kitu kimefutika. Mara nyingi sivyo.

Kila anayetumia Windows ana folda yake ndani ya C:\Users, na humo ndimo zinamokaa nyaraka, picha na vyote alivyoweka kwenye Desktop. Ndani ya folda hiyohiyo kuna faili moja lililofichwa, NTUSER.DAT, linalobeba mipangilio yake yote. Mtu anapoingia, Windows lazima ilifungue faili hilo kwanza. Ikishindwa, haimfungii nje. Inamtengenezea folda ya dharura, kwa kawaida C:\Users\TEMP, na kumwingiza humo. Folda yake halisi inabaki mahali pake, ila Windows imeacha kuitumia.

Sababu za faili hilo kutofunguka ni kadhaa. Umeme ukikatika wakati kompyuta inaandika mipangilio, faili linaweza kuharibika. Diski inayoanza kufa nayo huharibu mafaili, na hili huwa miongoni mwa ya kwanza kuleta shida kwa kuwa linaandikwa kila siku. Wakati mwingine faili ni zima kabisa, isipokuwa programu nyingine, kama ile ya kuzuia virusi, imelishikilia katika sekunde ambazo Windows ilikuwa inalihitaji. Sasisho nalo linaweza kuwa chanzo. Mwezi Februari 2020, baada ya Microsoft kutoa sasisho KB4532693 la Windows 10, watumiaji kadhaa walijikuta kwenye profaili ya muda wakidhani wamepoteza kazi zao. Folda zao zilikuwepo ndani ya C:\Users, zimebadilishwa majina na kuishia na .000 au .bak. Baadhi yao walipona kwa kuwasha kompyuta upya mara kadhaa tu.

Turudi kwa mhasibu. Hatari kubwa kwake si ile folda asiyoiona, ni kazi atakayoifanya leo. Profaili ya muda hufutwa pale mtu anapotoka kwenye akaunti. Akiandika ripoti ya malipo hadi jioni, akaihifadhi kwenye Documents kisha akazima, ripoti hiyo itakwenda na TEMP. Kama ameshaandika kitu, akihamishie kwanza kwenye flashi au diski nyingine, ndipo atoke na kuwasha kompyuta upya. Tatizo likiwa ni programu iliyoshikilia faili, kuwasha upya mara mbili au tatu hutosha kuliondoa.

Lisipoondoka, kazi ya kwanza ni kunakili, si kutengeneza. Hapa ndipo watu wengi huumia, kwa sababu dawa ya haraka mtaani ni "kupiga Windows upya", na fundi asiyeuliza anaweza kufomati diski yenye mafaili mazima. Njia nyingine ya kupoteza kila kitu ni kuifuta akaunti kupitia Settings, maana Windows huifuta pamoja na data zake.

Mhasibu afungue C:\Users na kutafuta folda yenye jina lake. Tuseme inaitwa Mhasibu. Windows ikimwambia hana ruhusa, abonyeze Continue, mradi akaunti yake ni ya msimamizi. Akiona mafaili yake yamo, achomeke diski ya nje, afungue Command Prompt kwa kuchagua Run as administrator, kisha aandike amri hii, akiwa amehakikisha herufi ya diski ya nje, ambayo hapa ni E:

```
robocopy C:\Users\Mhasibu E:\Akiba /E /XJ /R:1 /W:1 /XF NTUSER.DAT*
```

Amri hiyo inanakili folda zote za ndani, inaliacha lile faili lenye hitilafu, na inaruka vile viungo vya ndani vinavyoweza kuifanya nakala izunguke bila mwisho. Faili lisilosomeka linajaribiwa tena mara moja tu, kisha kazi inaendelea. Mafaili yasiyosomeka yakiwa mengi, hiyo ni dalili kwamba diski yenyewe ni mgonjwa. Hapo kazi ya kutengeneza profaili isubiri mpaka diski ibadilishwe.

Jambo moja huwachanganya wanaotumia OneDrive: nyaraka na Desktop zao huenda ziko ndani ya folda ya OneDrive, na faili lenye alama ya wingu halimo kwenye diski hata kidogo. Hilo lipakuliwe kutoka kwenye akaunti ya mtandaoni.

Nakala ikiwa salama, matengenezo yanaanza. Aingie kwa akaunti nyingine ya msimamizi, afungue regedit, na kwenda hapa:

```
HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\ProfileList
```

Kabla ya kugusa chochote aihifadhi sehemu hiyo kwa File kisha Export. Ataona majina marefu yanayoanza na S-1-5-21. Kwa kawaida mawili yatafanana kila kitu, isipokuwa moja linaishia na .bak. Lenye .bak ndilo la profaili yake halisi; akilibonyeza, ProfileImagePath itaonyesha C:\Users\Mhasibu. Lisilo na .bak ndilo la TEMP. Hilo la TEMP aliongezee .old mwishoni, kisha aondoe .bak kwenye lile la kweli. Ndani yake, State iwekwe 0, na RefCount kama ipo iwekwe 0 pia. Awashe upya na kuingia kwenye akaunti yake.

Ikifunguka kama zamani, kosa lilikuwa kwenye kumbukumbu za Windows tu. Ikimrudisha TEMP, basi huenda NTUSER.DAT lenyewe limeharibika, na kuendelea kuhangaika na regedit ni kupoteza muda. Afungue akaunti mpya na kurudishia Documents, Desktop, Pictures na Downloads kutoka kwenye nakala. Asirudishe mafaili yanayoanza na NTUSER, la sivyo ataubeba ugonjwa hadi kwenye akaunti mpya.

Si kila kitu kitahama. Nywila zilizohifadhiwa kwenye Chrome zimefungwa kwa siri iliyofungamana na akaunti ya zamani, hivyo kunakili folda ya Chrome hakuzirudishi. Alamisho hurudi, kwa kuwa ni faili la kawaida liitwalo Bookmarks. Mafaili ambayo mtu aliyafunga mwenyewe kwa usimbaji wa Windows nayo hayatafunguka bila cheti cha akaunti ile ya kwanza. Kwa hiyo, msomaji, usiifute akaunti ya zamani wala folda yake kabla ya kufungua nyaraka zako muhimu moja moja kwenye akaunti mpya na kuhakikisha zinasomeka.