Mshauri Neema

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sheria anafungua karatasi ya mtihani na kukuta mkasa kama huu. Jumatatu, Mzee Rashidi anamwambia Neema: "Nakuuzia pikipiki yangu kwa shilingi 2,000,000, nakusubiri mpaka Ijumaa." Jumanne Neema anamtumia ujumbe: "Mzee, naweza kukulipa nusu sasa, nusu mwisho wa mwezi?" Mzee hajibu. Jumatano asubuhi anamuuzia Baraka pikipiki hiyo, akalipwa na kuikabidhi. Mchana wake Neema, asiyejua lolote, anaandika: "Nimekubali, nakuletea milioni 2 taslimu leo." Sokoni pikipiki ya aina hiyo inauzwa 2,300,000. Swali lenyewe ni maneno mawili tu: Mshauri Neema.

Wengi huanza hivi: "Mkataba ni makubaliano yanayoweza kutekelezwa kisheria. Pendekezo ni..." Ukurasa mzima unajaa fasili, zote sahihi, na Neema hajatajwa hata mara moja. Mtahini hana mahali pa kuweka alama, kwa kuwa hakuuliza mkataba ni nini. Kipimo chake ni chepesi. Soma aya uliyoandika, kisha jiulize kama ingefaa pia kwa mkasa wa mtu anayeuza ng'ombe au kupangisha nyumba. Ikifaa bila kubadilisha neno, hujajibu bado.

Aliyezoea maswali haya huanza kwa kutafuta mgogoro ulipo. Hapa hakuna anayebisha kwamba Rashidi alitoa pendekezo. Sentensi moja inatosha kulimaliza hilo. Ubishi uko kwenye ujumbe wa Jumanne. Je, Neema aliliua pendekezo la Rashidi kwa kuleta masharti yake, au aliuliza tu?

Sasa ndipo sheria inapoingia, na inaingia kidogo. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania kinataka ukubali uwe kamili, usio na masharti. Katika kesi ya Kiingereza ya mwaka 1840, Hyde dhidi ya Wrench, muuzaji alitaka pauni 1,000 kwa shamba lake, mnunuzi akataja 950, na alipogeuka kukubali 1,000 mahakama ilimwambia pendekezo lilikwisha kufa. Mwaka 1880, katika Stevenson dhidi ya McLean, mnunuzi wa chuma aliuliza kama angeweza kuletewa mzigo kwa muda wa miezi miwili. Mahakama iliona hilo ni ulizo tu, pendekezo likabaki hai.

Anayekariri ataziandika kesi zote mbili na kupiga mstari. Anayejibu atamweka Neema katikati yake: Neema hakutaja bei nyingine kama Hyde, alitumia maneno "naweza kukulipa", ambayo yanaomba jibu, hakusema kwamba bila awamu hataki. Kwa hiyo yuko karibu zaidi na Stevenson. Kisha atampa Rashidi haki yake ya kujitetea: mzee anaweza kudai kwamba kulipa nusu mpaka mwisho wa mwezi ni sharti jipya. Hoja hiyo ina uzito kiasi, ila ingekuwa na nguvu zaidi kama Neema angeandika "nitalipa nusu sasa". Hapo ndipo alama zilipo, katika kupima maneno yaliyosemwa.

Ahadi ya kusubiri mpaka Ijumaa ni mtego mdogo. Haikumfunga Rashidi, maana Neema hakulipa chochote ili asubiriwe. Aliweza kuondoa pendekezo lake hata Jumanne, lakini kuliondoa kunakamilika dhidi ya Neema pale tu anapopata habari. Kumuuzia Baraka kimyakimya hakukumfikishia habari yoyote, hivyo ukubali wa Jumatano mchana ulilikuta pendekezo bado limesimama.

Kuna kosa la upande wa pili, nalo halisemwi sana: kusimulia mkasa upya kwa maneno yako, bila kifungu wala kesi, ukadhani umetumia sheria. Kila sentensi ya uchambuzi inahitaji vyote viwili, kanuni na tukio, vikiunganishwa na "kwa sababu". Na pale mkasa unapokaa kimya, usijaze pengo kwa kubuni. Sema: ikiwa Baraka alimpigia Neema simu asubuhi ile akamwambia ameshanunua, Rashidi anapata hoja mpya, na ueleze kwa nini.

Bado ile bei ya sokoni. Haikuandikwa kwa mapambo. Pikipiki imeshakuwa ya Baraka, aliyenunua kwa nia njema, kwa hiyo Neema ashauriwe asiifukuzie. Amdai Mzee Rashidi fidia ya tofauti ya bei, yaani shilingi 300,000.