Ufa Katikati ya Keki ya Jibini

Keki yangu ya kwanza ya jibini ilitoka ovenini ikiwa nyororo juu, rangi ya maziwa yaliyotiwa tone la chai. Nikaiweka mezani karibu na dirisha, nikaenda kuswali adhuhuri. Niliporudi ilikuwa na ufa kutoka ukingoni hadi katikati, mpana wa kuingia kidole. Shangazi yangu aliutazama kwa makini, kisha akaniuliza kama nimekwisha kuwakatia wageni.

Nilichoshindwa kuelewa siku ile ni kwamba ilitoka ovenini ikiwa nzima. Nililaumu jibini, nikalaumu mayai, nikabadilisha mapishi mara mbili. Kumbe kosa lilikuwa la moto, na lilikuwa limekwisha kutendeka kabla sijafungua mlango wa oveni.

Jina la keki ndilo linalotupotosha. Keki ya kawaida inasimama kwa unga. Hii inasimama kwa mayai, kwa hiyo ni ndugu wa pudini ya mayai na karameli tunayoipika Pwani. Aliyewahi kuiacha pudini ichemke sana anajua matokeo yake: ukiikata unaona vitundu vingi, na maji yanajitenga. Mayai yakipata joto kiasi hujishika taratibu na kuyabana maziwa ndani yake. Yakizidishiwa hujikaza kama ngumi, yakayakamua maji yote nje. Katikati ya keki ya jibini panatosha kuiva pakifika nyuzi 65 hadi 68 za Selsiasi. Pakipita 75 hivi, ulaini unaanza kugeuka chengachenga.

Sasa fikiria oveni yenye nyuzi 180, kama tunavyozoea kuokea keki ya unga. Bati la chombo linapata moto wa moja kwa moja. Ukingo wa keki unaiva, unavimba na kukauka huku katikati bado ni uji. Utaendelea kuoka ili katikati pakamilike, na kila dakika unayoongeza inaukaza ukingo zaidi. Keki ikitolewa inaanza kupoa, na kila kinachopoa husinyaa. Ukingo umeng'ang'ania bati, uso wa juu umekauka na hauvutiki tena. Keki inavutwa huku na huku, mwishowe inaachia pale palipo dhaifu, nayo mara nyingi ni katikati.

Kwa hiyo kazi ya mwokaji ni kupunguza tofauti ya joto kati ya ukingo na katikati. Hapo ndipo maji yanapoingia.

Maji hayawezi kupita nyuzi 100, hata oveni iwe kali namna gani, na kwenye trei ya wazi yanabaki chini ya hapo kwa sababu mvuke unaondoka na joto lake. Chombo cha keki kikikalishwa ndani ya maji, ubavu wake hauguswi tena na hewa ya nyuzi 160 bali na maji yasiyochemka. Ukingo unalazimika kuisubiri katikati. Mvuke nao unaufanya uso wa juu usikauke mapema.

Nieleze ninavyofanya kwa chombo cha sentimita 23, kile ambacho ukuta wake unafunguka kwa kibanio. Chini nakandamiza gramu 200 za biskuti zilizosagwa na gramu 80 za siagi iliyoyeyushwa, naoka dakika 10. Juu yake unakwenda mchanganyiko wa gramu 900 za jibini laini ya krimu, gramu 250 za sukari, gramu 200 za krimu chachu, mayai 4, vanila na vijiko 2 vya kornflawa. Kornflawa si ya kujaza tumbo. Wanga wake unakaa kati ya protini za mayai na kuzizuia zisikazane haraka.

Jibini na mayai vikae nje ya friji saa moja au mbili. Jibini baridi huacha madonge, na madonge hukushawishi upige mashine kwa nguvu. Piga jibini na sukari uwezavyo, lakini mayai yakishaingia, moja baada ya jingine, mashine iende polepole na izimwe mara yai linapopotea. Povu likiingia litaiinua keki ovenini, kisha litaiangusha ikitoka, na maji ya trei hayatakusaidia kwa hilo.

Chombo cha kufunguka kinavuja. Usikiamini hata kikiwa kipya. Wengi wanakifunga kwa foili pana tabaka mbili, nami nilifanya hivyo mpaka foili ilipotoboka na biskuti zikageuka uji. Siku hizi nakiingiza ndani ya chombo kingine kizima kilichokizidi kidogo upana, halafu vyote viwili kwenye trei yenye kina. Trei ikishakaa ovenini ndipo namimina maji ya moto ya birika, yafike nusu ya kimo cha chombo. Ukimimina ukiwa jikoni, utayamwaga njiani au utajiunguza.

Oveni iwe nyuzi 150, na keki itachukua kama saa moja na nusu. Oveni nyingi za gesi za majumbani moto wake unatoka chini na namba za kitufe hazisemi kweli, kwa hiyo kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani kinafaa kuliko saa ya ukutani. Kisha tikisa chombo kidogo. Ukingo, upana wa vidole vitatu, usitikisike. Katikati pacheze kwa pamoja kama jeli. Pakienda mawimbi kama maji, bado. Pakiwa pametulia tuli na ukingo umevimba na kuwa kahawia, umechelewa.

Wengi wanaogopa kuzima moto wakati katikati bado panacheza. Zima. Joto lililomo ndani ya keki litaendelea kuiivisha. Weka mwiko mlangoni mwa oveni ubaki wazi kidogo, uiache keki humo saa moja. Ikipoa polepole, ukingo na katikati vinasinyaa kwa pamoja bila kuvutana. Ukiitoa, itoe kwenye maji na upitishe kisu chembamba kuzunguka ukuta ili ukingo uachie bati. Kisu hicho kimeniokolea keki nyingi. Ikishapoa kabisa ndipo iingie friji hadi kesho yake, lakini katika joto la Mombasa au Dar isikae mezani zaidi ya saa mbili.

Yupo atakayeniambia kuhusu keki ya jibini ya Kibaski, iliyopata umaarufu katika mgahawa wa La Viña mjini San Sebastián, Hispania. Hiyo huokwa kwa moto mkali bila maji, juu iungue iwe nyeusi, na nyufa zake hazimsumbui mtu. Lakini hata hiyo hutolewa katikati pakiwa bado laini, kwa hiyo mayai yake hayajakazwa.

Kama yako imepasuka licha ya yote, onja kipande kwanza. Ufa wenye ndani laini ni wa kupoa tu: chemsha maji ya pesheni na sukari mpaka yawe mazito, yaache yapoe, uyamwage juu. Ndani kukiwa na chengachenga, moto ulizidi, na pesheni itaficha ufa peke yake.