Shingo Nyeusi si Uchafu: Huenda ni Sukari

Ukiwa mzazi mjini Kitengela, huenda umewahi kumshika mwanao shingo ukamsugua kwa dodoki mpaka akalia, ukidhani ile ngozi nyeusi kisogoni ni nongo. Mpumzishe. Chovya pamba kwenye spiriti uipanguse hapo. Uchafu hutoka na pamba. Weusi ukibaki, na ngozi iwe nene na laini kama mahameli, hali hiyo madaktari huiita akantosisi nigrikansi. Hutokea pia makwapani na kwenye kinena, na mara nyingi haiwashi wala kuambukiza.

Chanzo chake kiko ndani. Kongosho hutoa homoni ya insulini ili sukari iingie kwenye chembe za mwili. Unene ukizidi, hasa wa tumbo, chembe hizo huwa kama zimetia pamba masikioni. Kongosho nalo hupaza sauti kwa kumwaga insulini zaidi. Insulini hiyo ya ziada huchochea chembe za ngozi kuzaana upesi, ngozi ikawa nene na nyeusi. Ndiyo sababu sabuni haisaidii, na kusugua huongeza unene. Krimu za kuchubua zenye zebaki, ambazo ni marufuku Kenya, zaweza hata kudhuru figo.

Tuchukue mfano wa mama wa kilo 90 aliyeiona dalili hii. Alale bila kula kwa saa nane au zaidi, akinywa maji tu, kisha asubuhi apimwe sukari katika hospitali iliyo karibu, iwe Kitengela au Kajiado mjini. Kipimo kikifika milimoli 7.0 kwa lita, na kurudiwa siku nyingine kikawa vilevile, ni kisukari. Tuseme chake ni 6.4. Huo bado si ugonjwa, bali yuko njiani. Hata angepata 5.0 asijidanganye, kwani kongosho laweza kuficha mambo kwa miaka likifanya kazi maradufu. Arudi kupimwa kila mwaka.

Mama huyu akipunguza kilo sita hivi na kutembea kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki, atakuwa amefuata utaratibu uliojaribiwa Marekani kwa watu wazima wa hali kama yake. Matokeo yaliyotolewa mwaka wa 2002 yalionyesha kuwa ulipunguza visa vya kisukari kwa asilimia 58. Aanze na soda na chai ya sukari nyingi. Ugali si lazima auache, ila aupunguze. Shingo hufifia polepole, kwa miezi mingi, kwa hivyo asiitazame kwenye kioo kila asubuhi.

Dawa fulani pia huleta weusi huu, na baadhi ya watu wameurithi. Lakini msomaji, ukitokea ghafla kwa mtu mzima asiye mnene, hasa anayekonda, usingoje kipimo cha sukari. Mpeleke kwa daktari wiki hiyo hiyo, maana mara chache huwa ni ishara ya saratani ya tumbo.