Fahamu: Ankara ile ile, akaunti mpya

Tuseme mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kiranjeranje anasubiri mabati kutoka kwa msambazaji wa Dar es Salaam. Barua pepe inaingia: mzigo ule ule, bei ile ile, ila "tumebadilisha akaunti". Mara nyingi tapeli ameshaingia kwenye barua pepe za msambazaji na kusoma mazungumzo yote, hivyo hata anwani inaweza kuwa ya kweli.

Usijibu hapo, wala usipige namba iliyomo. Piga iliyo kwenye risiti za zamani, umwombe msambazaji akutajie mwenyewe namba ya akaunti. Usimsomee wewe, mtu mwenye haraka huitikia tu. Jina la mpokeaji likitokea la mtu binafsi badala ya kampuni, simamisha malipo.

Umeshatuma? Ipigie benki yako papo hapo, kabla fedha hazijatolewa.